Namna ya kuandika kichwa na maelezo ya video ya kumbukumbu ya marehemu

*Shikamoo. Baba yetu alifariki Agosti 2024, usiku wa saa 8. Alikuwa fundi cherehani Magomeni kwa miaka mingi. Tumetengeneza video ya dakika 11 yenye picha zake na sauti za watu waliomfahamu, na tunataka kuiweka YouTube baada ya arobaini. Kaka yangu ameandika kichwa hiki: “INAUMA SANA!! KIFO CHA BABA YETU KIPENZI, UTALIA UKITAZAMA”. Baba mdogo amekasirika, anasema tunamdhalilisha marehemu. Kaka anasema bila maneno hayo hakuna atakayeitazama. Baba alikuwa Mwislamu, mama na wajomba zetu ni Wakristo. Kichwa kiandikweje, na kwenye maelezo ya chini tuandike nini?*

Marahaba, dada yangu, na poleni sana nyote, pamoja na mama na baba mdogo.

Baba mdogo ana haki ya kukasirika, hata kama katika hasira hakueleza sababu yake. Kichwa cha kaka yako kina maneno tisa, na hakuna hata moja linalomtambulisha marehemu. “Baba yetu” ni baba wa nani? Mtu aliyeshonewa kanzu ya ndoa na mzee wenu miaka 20 iliyopita atakiona kichwa hicho kwenye simu yake na kukipita, asijue kwamba aliyefariki ni fundi wake. Yanayotajwa pale ni maumivu yenu, kifo chenyewe, na machozi ya mtazamaji, ambaye anatangaziwa kwamba atalia kabla hajaambiwa anamlilia nani. Mfiwa hafanyi hivyo kwa mtu aliyekuja kuhani. Humpokea, humwonyesha pa kukaa, na kama atalia, analia kwa wakati wake.

Kuhusu hofu ya kaka yako, ningemwuliza anataka itazamwe na nani. Kichwa cha namna ile kitawaleta watu wasiomjua mzee, wanaotaka kuona ajali au jeneza. Wakikuta picha za fundi akipima kitambaa watatoka mara moja, na baadhi yao wataacha maneno ambayo mama hatapenda kuyasoma. Watu mnaowahitaji ni wateja wake, majirani wa Magomeni, ndugu wa asili yake, na wajukuu watakaomtafuta miaka 15 ijayo. Hao wote watatafuta kwa jina.

Kwa hiyo jina ndilo la kwanza, nalo lina utata wake hapa kwetu. Mzee wa Dar es Salaam huwa na majina matatu au manne: lile la kwenye kitambulisho, lile la mtoto wake wa kwanza, lile la kazi, na pengine la utani. Silijui jina la baba yako, basi nitaandika Fulani kila mahali linapotakiwa. Ukiandika kichwani “Fulani bin Fulani”, kama lilivyo kwenye kitambulisho, nusu ya Magomeni haitamtambua. Ukiandika “Baba Fulani” peke yake, ndugu wa upande wa babu hawatajua ni nani, na isitoshe wako akina Baba Fulani wengi. Kanuni ninayoifuata ni kwamba jina ambalo watu walimwitia barabarani linaingia kwenye kichwa, na jina kamili linakuwa la kwanza kabisa kwenye maelezo. Kwa mzee wenu, “Fundi Baba Fulani wa Magomeni” ni jina linalomwonyesha mtu mmoja tu, na lina heshima yake ya kutosha, kwa kuwa neno “Fundi” alilipata kwa kazi ya mikono yake. Jina la utani ningeliweka iwapo tu yeye mwenyewe alikuwa akiitikia alipoitwa nalo mbele ya wakwe zake.

Liwe mwanzoni mwa kichwa, lisiwe mwishoni. YouTube inaruhusu herufi 100 katika kichwa, lakini kwenye orodha ya simu mkia wa kichwa kirefu hukatwa. Kichwa kinachoanza na “Kumbukumbu ya upendo kwa baba yetu mpendwa sana na kipenzi cha wengi” kitakuwa kimekatwa kabla jina halijafika. Anza na jina, kisha sema video ni ya nini, kisha weka miaka.

Hilo la kusema video ni ya nini linahitaji uangalifu, kwa sababu Kiswahili kina maneno tofauti kwa mambo ambayo watu huyachanganya. Tanzia ni habari ya kifo, na kazi yake huisha mtu akishazikwa. Video ya maziko inaonyesha yaliyotokea siku ile, yaani watu, jeneza na kaburi. Kumbukumbu inaonyesha maisha. Nyinyi mmetengeneza kumbukumbu, na neno “kifo” kichwani linaifanya ionekane kama tanzia au maziko. Mtu aliye kazini, au aliyefiwa wiki iliyopita, ana haki ya kujua anafungua nini. Kama ndani ya hizo dakika 11 mmeweka picha za jeneza au kaburi, andikeni kwenye maelezo dakika zinakoanzia. Ushauri wangu mimi ni kuziondoa, kwani video ya maisha inayomalizikia kaburini humwachia mtazamaji picha hiyo ya mwisho badala ya zile nyingine zote.

Kichwa ninachokipendekeza basi ni hiki:

Fundi Baba Fulani wa Magomeni: Kumbukumbu ya maisha yake, 1951–2024

Mwaka wa kuzaliwa nimeuweka kwa mfano. Weka ulio sahihi. Ukihesabu, pamoja na nafasi, zinafika herufi 67. Hakina alama ya mshangao, hakina emoji ya machozi wala ya mshumaa, na herufi kubwa zipo pale tu zinapotakiwa na sarufi. Kichwa chote kikiandikwa kwa herufi kubwa husomeka kama mtu anayepiga kelele, na msibani anayepiga kelele hutulizwa. Hakina pia neno “mpendwa” wala “kipenzi”. Sisemi maneno hayo ni mabaya. Ni kwamba kichwani yanachukua nafasi ya jina, na kila marehemu ameandikiwa hayo hayo.

Utauliza mbona sikuandika “Marehemu”. Miaka miwili yenye kistari kati yake imekwisha kusema kwamba amefariki, na imesema kwa sauti ya chini. Ukipenda kuliweka, liweke mara moja mbele ya jina, kwa kuwa asili yake ni “aliyerehemewa”, yaani ni dua ndani ya neno moja, na wazee wengi husikia upungufu lisipokuwepo. Ila lisirudiwe katika kila sentensi ya maelezo. “Marehemu alizaliwa, marehemu alisoma, marehemu alipenda” ni mwandiko wa ripoti ya kamati ya mazishi, na humfanya mtu aonekane alizaliwa akiwa tayari amekufa. Mtaje kwa jina lake, kisha tumia “yeye” au “mzee”. Na “Hayati” ningeliacha. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya uhai, hivyo kwa maana halina kosa lolote, lakini katika mazoea ya Tanzania masikio yetu yamezoea kulisikia mbele ya majina ya viongozi, kama tunavyosema Hayati Mwalimu Nyerere. Kwa fundi cherehani litasikika kama nguo ya kuazima, na fundi mzuri ndiye wa kwanza kuitambua nguo isiyomkaa mtu.

Sasa kitenzi, ambacho ndicho ninachokiona kikikosewa zaidi kuliko vyote. Kufariki, kufariki dunia, kuaga dunia, kutangulia mbele za haki, kulala katika Bwana: yote ni maneno ya heshima, lakini hayalingani. “Kulala katika Bwana” ni la Wakristo, nalo halimfai mzee Mwislamu hata kama mama ndiye anayeandika. “Kutangulia mbele za haki” lina uzito mzuri, linakubalika kwa wengi, lakini linafaa zaidi katika sauti ya mtu anayezungumza kuliko katika mstari wenye tarehe. “Kufariki” ndilo lililo wazi na tulivu; kiasili lina maana ya kuachana, kutengana, na hakuna upande wa familia yenu utakaolikataa. “Kufa” lisitumike kwa mzazi, hilo nadhani halina mjadala.

Lakini hata ukichagua kitenzi kizuri, wakati wake unaweza kukuponza. “Amefariki” ni habari. Husomwa kama jambo la leo. “Alifariki” ni historia. Nilishawahi kuisaidia familia moja ya Temeke kutengeneza video ya kutimiza mwaka mmoja tangu mama yao alipofariki, na aliyeipandisha aliandika mstari wa kwanza wa maelezo kwa mazoea: “Mama yetu mpendwa amefariki dunia.” Tarehe ilikuwa chini sana, ambako haionekani mpaka ubonyeze. Kabla ya adhuhuri simu zilianza kuingia kutoka Tanga zikiuliza maziko ni saa ngapi, maana baadhi ya jamaa wa mbali walidhani ni mtu mwingine wa ukoo aliyefariki siku ile. Mmoja alikuwa amekwisha funga safari kwenda kituo cha basi. Silabi moja tu ndiyo iliyosababisha hayo, na wosia wangu kwa kila mtu tangu siku ile umekuwa kwamba kumbukumbu huandikwa kwa “-li-”, na tarehe ya kufariki iwe ndani ya mistari ya kwanza.

Tarehe yenyewe kwenu ina mtego wa pili, kwa kuwa umesema alifariki saa 8 usiku. Kwa hesabu ya Kiswahili cha wazee, siku huanza jua linapozama, kwa hiyo “usiku wa Ijumaa” kwao ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ilhali vijana wengi wakisema hivyo humaanisha usiku unaoufuata. Ndugu wawili wanaweza kuandika tarehe mbili tofauti na kila mmoja akaapa kwamba yuko sahihi. Tuseme alifariki saa 8 za usiku na kulipopambazuka ilikuwa Ijumaa tarehe 9. Andika “usiku wa kuamkia Ijumaa, 9 Agosti 2024”. Neno “kuamkia” linamaliza ubishi. Kwa upande wa kuzaliwa, mwaka pekee unatosha. Wazee wengi wa umri wake walipewa siku na mwezi wa kukadiria walipoandikishwa, na tena tarehe kamili ya kuzaliwa iliyowekwa hadharani pamoja na jina kamili ni taarifa ambayo matapeli huitafuta.

Tukija kwenye maelezo, YouTube inakupa hadi herufi 5,000, nawe huhitaji hata robo yake. Mtazamaji wa simu huonyeshwa mwanzo mdogo tu mpaka abonyeze, kwa hiyo sentensi ya kwanza ibebe jina kamili, jina la mtaani, kazi, mahali na tarehe. Baada ya hapo aya moja ya maisha, sentensi moja ya kusema video ina nini, dua, na jina la waliotengeneza. Nimekuandikia mfano, ambao mambo yake nimeyabuni. Wewe badilisha yawe ya kweli:

> Fulani bin Fulani, aliyejulikana kwa wengi kama Fundi Baba Fulani, alikuwa fundi cherehani wa Magomeni, Dar es Salaam. Alifariki usiku wa kuamkia Ijumaa, 9 Agosti 2024.
>
> Alizaliwa Kilwa mwaka 1951, akaja Dar es Salaam akiwa kijana, na kuanzia mwaka 1978 alikuwa akishona kanzu, suti na sare za shule barazani kwake. Vipimo vya wateja wake alivitunza katika madaftari, na mteja aliyerudi baada ya miaka alikuta jina lake bado limeandikwa. Hakukata kitambaa cha mtu bila kupima mara mbili.
>
> Video hii ina picha zake kuanzia miaka ya 1970, pamoja na sauti za ndugu, majirani na wateja wakimkumbuka. Haina picha za maziko.
>
> Mwenyezi Mungu amrehemu na awape subira wote aliowaacha.
>
> Imetayarishwa na watoto wake.

Angalia kwamba katika aya ya pili hakuna sifa hata moja ya moja kwa moja. Sikuandika kwamba alikuwa mcheshi, mkarimu, mtu wa watu, asiyekuwa na makuu. Inawezekana alikuwa hayo yote, lakini maneno hayo yamesomwa katika kila wasifu wa marehemu mpaka yamekuwa hayasikiki. Daftari la vipimo linasikika, kwa sababu aliyewahi kupimwa na mzee atamwona akilifungua. Tafuta jambo moja au mawili ya namna hiyo, ambayo ni ya baba yako na hayawezi kuhamishiwa kwa mtu mwingine. Muulize mama, na muulize mteja wa zamani. Watoto mara nyingi ndio wasiolijua, kwa kuwa wao walimwona akirudi jioni tu. Angalia pia “alikuwa akishona”: umbo hilo linaonyesha kazi ya kila siku kwa miaka mingi, ilhali “alishona” lingeweza kuwa mara moja.

Vilevile maelezo yote yamo katika nafsi ya tatu. Vijana hupenda kuandika “Baba umetuacha, tutakukumbuka daima”, kisha sentensi inayofuata inasema “Baba alizaliwa mwaka fulani”. Msomaji hajui tena nani anaongea na nani. Kumwambia baba maneno yako ni jambo jema, na mahali pake ni ndani ya video, kwa sauti yako mwenyewe. Ule usemi wa “tulikupenda lakini Mungu amekupenda zaidi” ningeuacha pia. Mjane anaweza kuusoma na kujiuliza upendo wake ulipungua wapi.

Dua nimeichagua kwa makusudi kwa ajili ya nyumba yenye dini mbili. Aliyefariki ni Mwislamu, hivyo dua ifuate upande wake, lakini isiwe ngumu kwa mama na wajomba kuitikia amina. “Mwenyezi Mungu amrehemu” inatosha kwa pande zote mbili. Mkitaka kuanza na “Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun” ni sawa kabisa, na hapo mwambieni baba mdogo aisome kabla haijawekwa. “Raha ya milele umpe ee Bwana” ni sala ya Kikatoliki, na herufi R.I.P. zitawaudhi wazee wa Kiislamu na hazimsaidii mtu wa dini yoyote. Msiweke sala mbili za dini mbili, moja chini ya nyingine, kwa nia ya kuridhisha kila upande. Nimeona familia zikifanya hivyo, na kila upande ulihesabu mistari ya mwenzake.

Sentensi nyingine ambayo haimo katika mfano wangu, na haimo kwa makusudi, ni ile ya “ameacha mjane mmoja, watoto watano na wajukuu kumi na mmoja”. Msibani wasifu husomwa hivyo na watu wamezoea. Kwenye maelezo yanayobaki mtandaoni hesabu hiyo ni hatari, hasa kabla msimamizi wa mirathi hajateuliwa. Kama kuna mtoto wa nje ya ndoa, mke wa zamani, au mtoto wa kulea aliyemwita baba, nambari unayoiandika itamweka ndani au itamtoa nje, mbele ya macho ya watu. Maelezo ya video si mahali pa kulimaliza suala hilo. “Wote aliowaacha” inawakumbatia wote. Ikiwa familia inasisitiza majina, basi yawe yote, na kila mmoja wa watu wazima wa ukoo awe ameyaona. Vinginevyo yasiwepo kabisa.

Chanzo cha kifo nacho kiacheni. Hata ule usemi wa adabu, “baada ya kuugua kwa muda mrefu”, huwapa watu kazi ya kukisia aliugua nini. Msiandike pia nambari ya simu ya kupokea rambirambi, wala nyumba na saa ya dua ya arobaini. Hayo yapelekwe kwa ujumbe kwa wanaohusika, kwa kuwa nambari iliyowekwa hadharani inaweza kunakiliwa chini ya video hiyo hiyo na kubadilishwa tarakimu moja tu, na ndugu wa mbali akatuma pesa kwa asiyemjua.

Kama mmetumia kaswida au wimbo wa mtu, tajeni jina la wimbo na la mwimbaji mwishoni mwa maelezo, lakini mjue kwamba kutaja si ruhusa, na sentensi kama “hatuna nia ya kuvunja haki za mtu” haizuii kitu. Mwenye wimbo anaweza kudai haki yake na matangazo yake yakaanza kuonekana juu ya picha za baba yenu. Wakati wa kupandisha video mtaona hatua iitwayo Checks. Subirini imalize, na ikionyesha dai, badilisheni sauti kwanza. Kwa maoni yangu sauti za cherehani na za watu wanaomkumbuka zinatosha, na hapo baba mdogo pengine hatakuwa na neno.

Jambo la mwisho ni chaneli yenyewe. Kama kaka yako ana chaneli yake ya mpira au ya vichekesho na ndiko anakotaka kuiweka video, afungue kwanza Settings katika YouTube Studio na kuangalia Upload defaults. Wengi huweka pale maneno ya kujirudia, ya “Subscribe, like, bonyeza kengele”, ambayo hujiandika yenyewe chini ya kila video mpya, na nimekuta maneno hayo yakifuata moja kwa moja dua ya marehemu bila mwenye chaneli kujua. Ni bora zaidi kufungua chaneli yenye jina la familia.

Ipandisheni kwanza kama Unlisted, ambapo anayeiona ni mwenye kiungo tu, na msiisambaze bado. Kichwa na maelezo vinaweza kusahihishwa YouTube wakati wowote bila kiungo kubadilika, lakini kiungo kikishatumwa kwenye makundi ya WhatsApp, kile kichwa kinachoonekana chini ya picha ndogo hubaki kama kilivyokuwa wakati wa kutumwa. Kosa la jina au la mwaka litaendelea kuzunguka hata baada ya nyinyi kulirekebisha. Kwa hiyo kaa na mama na baba mdogo pamoja, usiwape simu wasome wenyewe, bali wasomee kwa sauti kuanzia kichwa hadi “watoto wake”, polepole. Mahali ambapo mmoja wao atakukatiza, kalamu ipite hapo. Wakishanyamaza wote wawili mpaka mwisho, badilisheni Unlisted iwe Public, halafu kiungo kitumwe.